Bei ya Lori Ikipanda au Kushuka: Lini Ubadilishe Mpango wa Kusafirisha Mzigo?

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA hutangaza bei mpya za mafuta, na bei hizo hutumika hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kesho yake, simu za wafanyabiashara wa ndengu huko Kitui na Makueni huanza kulia. "Mama, safari hii gunia la Nairobi limeongezeka hamsini." Mwingine anapiga kusema yeye amepunguza, anatafuta mzigo. Wewe una magunia kwenye stoo mbili, wateja miji mitatu, na pesa ya lori iko kwenye simu ikisubiri PIN. Je, utume mzigo kwa njia zile zile za mwezi uliopita, au upange upya?

Wengi huamua kwa hisia. Bei ikipanda sana wanahama njia, ikipanda kidogo wanavumilia. Lakini "sana" ni shilingi ngapi? Habari njema ni kwamba swali hili lina jibu la hesabu, na hesabu yenyewe ni kujumlisha na kutoa tu. Kila njia unayotumia ina mipaka yake ya bei. Bei ikicheza ndani ya mipaka hiyo, mpango wako bado ndio wa bei nafuu kuliko yote. Ikivuka, kuna mpango mwingine unaokupita. Somo hili ni la kutafuta mipaka hiyo, na utaona kwamba njia mbili zinazokwenda mji mmoja zinaweza kuwa na mipaka tofauti kabisa.

Mfano wetu

Tuchukue mfanyabiashara wa ndengu mwenye stoo mbili, moja Kitui mjini na nyingine Wote, Makueni. Ni msimu wa Januari na Februari, ndengu za mvua za vuli zimevunwa, na magunia ya kilo 90 yamejaa. Stoo ya Kitui ina magunia 120, ya Wote ina 100. Wateja wake ni watatu: Nyamakima kule Nairobi wanataka magunia 110, Machakos wanataka 40, na Kongowea kule Mombasa wanataka 70. Jumla ya mzigo ni 220 na jumla ya oda ni 220, kwa hivyo hakuna gunia linalobaki wala mteja anayekosa.

Hizi hapa ni gharama za kusafirisha gunia moja, kwa shilingi. Ni bei za mfano tu, usizipeleke kwa dereva kubishana naye.

| Kutoka | Nairobi | Machakos | Mombasa | Magunia yaliyopo |
|---|---|---|---|---|
| Kitui | 260 | 170 | 500 | 120 |
| Wote | 230 | 160 | 390 | 100 |
| Oda | 110 | 40 | 70 | 220 |

Ukiangalia haraka, Wote ni nafuu kila mahali. Lakini Wote haina magunia ya kutosha kuhudumia kila mtu, kwa hivyo cha muhimu ni kuitumia pale inapookoa zaidi. Kwa Mombasa, Wote inakuokolea shilingi 110 kwa gunia ukilinganisha na Kitui. Kwa Nairobi inaokoa 30, na kwa Machakos inaokoa 10 peke yake. Basi Wote ianze na Mombasa, magunia 70 yote. Yanayobaki 30 yaende Nairobi. Kitui ihudumie Machakos yote 40, na ijaze Nairobi kwa magunia 80.

Mpango wetu ndio huu:

- Kitui kwenda Nairobi: magunia 80
- Kitui kwenda Machakos: magunia 40
- Wote kwenda Nairobi: magunia 30
- Wote kwenda Mombasa: magunia 70

Bili ni 20,800 na 6,800 na 6,900 na 27,300. Jumla shilingi 61,800.

Njia nne zinatumika, mbili zimelala: Wote kwenda Machakos, na Kitui kwenda Mombasa. Hizo zilizolala ndizo zitakazotuambia mipaka ya zile zinazotumika. Inaonekana kama kinyume, lakini fuata polepole.

Kuhamisha gunia moja

Tujiulize: ingekuwaje tukiamsha njia ya Wote kwenda Machakos, hata kwa gunia moja tu?

Ukituma gunia moja kutoka Wote kwenda Machakos, Machakos inakuwa na 41. Hawakuagiza 41, kwa hivyo zuia gunia moja la Kitui lililokuwa linaenda huko. Sasa Kitui ina gunia moja limebaki stoo. Lipeleke Nairobi. Nairobi nayo inakuwa na moja la ziada, basi zuia moja la Wote lililokuwa linaenda Nairobi, na hilo ndilo gunia tulilolituma Machakos mwanzoni. Mduara umefunga. Kila stoo imetoa idadi ile ile, na kila mteja amepata alichoagiza.

Sasa pesa. Njia mbili zimeongezewa gunia moja, tunalipa zaidi: 160 na 260. Njia mbili zimepunguziwa gunia moja, tunaokoa: 170 na 230.

```
+160 - 170 + 260 - 230 = +20
```

Kila gunia tunalohamisha kwa mzunguko huu linatuongezea gharama ya shilingi 20. Hakuna haja ya kuhama. Tuite huu mzunguko wa Machakos.

Njia ya pili iliyolala ni Kitui kwenda Mombasa. Tuma gunia moja huko (500), punguza moja la Wote kwenda Mombasa (390), lile la Wote lipeleke Nairobi (230), na punguza moja la Kitui kwenda Nairobi (260).

```
+500 - 390 + 230 - 260 = +80
```

Hapa kuhama kungeongeza shilingi 80 kwa gunia. Tuuite mzunguko wa Mombasa.

Mizunguko yote miwili imetoa jibu la juu ya sifuri, na hiyo ndiyo alama kwamba mpango wetu ni bora. Siku mzunguko mmoja ukitoa jibu la chini ya sifuri, kuna pesa umeiacha mezani. (Njia hii ya kufuata mduara si ya jana. Tatizo la kugawa mzigo kutoka stoo nyingi kwenda miji mingi liliandikwa na Mmarekani Frank Hitchcock mwaka 1941, na mwaka 1954 Charnes na Cooper wakatoa njia ya kulipima kwa mizunguko kama hii.)

Mipaka yenyewe

Chukua njia ya Wote kwenda Nairobi, ambayo bei yake ni 230. Kwenye mzunguko wa Machakos ina alama ya kutoa. Bei yake ikipanda, jibu la mzunguko linashuka kwa kiasi hicho hicho. Jibu ni 20, kwa hivyo bei ikipanda 20 jibu linafika sifuri, na ikipanda zaidi ya 20 linaingia chini. Huo ndio mpaka wa juu: 230 na 20, yaani 250.

Kwenye mzunguko wa Mombasa njia hiyo hiyo ina alama ya kujumlisha. Hapa ni bei ikishuka ndipo jibu linashuka. Jibu ni 80, kwa hivyo bei inaweza kushuka hadi 80 kabla mambo hayajabadilika. Mpaka wa chini ni 150.

Basi Wote kwenda Nairobi inaweza kucheza kati ya 150 na 250, bei nyingine zikikaa pale pale, na mpango wetu wa magunia 80, 40, 30 na 70 haubadiliki hata gunia moja.

Sasa Kitui kwenda Nairobi, bei 260. Huku alama zimegeuka. Kwenye mzunguko wa Machakos ina kujumlisha, kwa hivyo inaweza kushuka 20 tu. Kwenye mzunguko wa Mombasa ina kutoa, kwa hivyo inaweza kupanda hadi 80. Mipaka yake ni 240 hadi 340.

Hebu linganisha hizo mbili. Zote zinaenda Nyamakima. Moja inavumilia kupanda shilingi 80, nyingine inavumilia 20 tu. Dereva wa Kitui akiongeza 70 kwa gunia, utalia kwa sababu ya bili lakini utabaki na njia zako. Dereva wa Wote akiongeza 30, inabidi upange upya. Kwa macho tu huwezi kuliona hili, na ndiyo maana "bei imepanda sana" si kipimo.

Njia mbili zilizobaki ni rahisi. Kitui kwenda Machakos (170) inaonekana kwenye mzunguko mmoja tu, ikiwa na alama ya kutoa. Inaweza kupanda 20, hadi 190. Kushuka, ishuke inavyotaka: njia unayoitumia tayari kwa oda yote ya mji haitakutoa kwenye mpango kwa kuwa rahisi zaidi. Wote kwenda Mombasa (390) iko kwenye mzunguko wa Mombasa tu, nayo ina kutoa. Inaweza kupanda 80, hadi 470, na kushuka bila mpaka.

Bei ikifika kwenye mpaka wenyewe, kwa mfano Wote kwenda Nairobi ikiwa 250 kamili, mipango miwili inagharimu sawa. Hapo chagua dereva unayemwamini.

Mpaka ukivukwa, unapoteza ngapi?

Turudi kwa ile simu ya tarehe 15. Dereva wa Wote anasema gunia la Nairobi sasa ni 280, ameongeza hamsini. Wengine hawajabadilisha bei. Mpaka ulikuwa 250, kwa hivyo umevukwa. Jibu la mzunguko wa Machakos sasa ni 20 kutoa 50, yaani hasi 30. Kila gunia ukilihamisha kwa mzunguko ule, unaokoa shilingi 30.

Uhamishe mangapi? Huwezi kupunguza magunia ambayo hayapo. Njia zinazopunguziwa ni Kitui kwenda Machakos yenye 40, na Wote kwenda Nairobi yenye 30. Ndogo ni 30, kwa hivyo unahamisha 30 na kuishia hapo. Mpango mpya ni Kitui kwenda Nairobi 110, Kitui kwenda Machakos 10, Wote kwenda Machakos 30, Wote kwenda Mombasa 70. Njia ya Wote kwenda Nairobi imelala.

Ukishikilia mpango wa zamani kwa bei mpya, bili ni 63,300. Mpango mpya ni 28,600 na 1,700 na 4,800 na 27,300, jumla 62,400. Tofauti ni shilingi 900, ambayo ndiyo 30 mara magunia 30. Ni 900 kwa kila mzigo unaotoka. Ukisafirisha mara mbili kwa wiki msimu mzima, hiyo si pesa ya chai tena.

Sasa upande ambao watu husahau: mpango unaweza kuvunjwa na bei kushuka. Tuseme bei zote ziko kama mwanzo, lakini dereva wa Kitui anakupa punguzo la shilingi 30 kwenda Nairobi, kutoka 260 hadi 230. Wengi wangeshukuru Mungu, wangetuma magunia 80 yale yale na kuhesabu faida. Na kweli bili inashuka, kutoka 61,800 hadi 59,400. Lakini mpaka wa chini wa njia hiyo ulikuwa 240. Umevukwa. Jibu la mzunguko wa Machakos sasa ni hasi 10, na ukihamisha magunia 30 kama tulivyofanya juu, bili inafika 59,100. Umepewa punguzo na bado umeacha shilingi 300. Njia ikiwa rahisi inataka kubebeshwa zaidi, na nafasi ilikuwepo kwa sababu Nairobi ilikuwa inachukua magunia mengine kutoka Wote.

Na upande wa pili wa sarafu: kubaki ndani ya mipaka si kusema gharama haijapanda. Kitui kwenda Nairobi ikipanda kutoka 260 hadi 330, uko ndani, mpango ni ule ule, lakini unalipa 5,600 zaidi. Mipaka inakuambia tu kwamba hakuna mpangilio mwingine wa magunia ungekuokoa. Dawa iliyobaki hapo ni kujadiliana bei.

Mafuta yakipanda kwa wote

Mipaka yote hapo juu ina sharti moja: bei ya njia moja ndiyo imebadilika, nyingine zimetulia. Tarehe 15 mambo hayaendi hivyo. Lori zote zinatumia dizeli.

Tuseme njia zote mbili za Nairobi zimepanda hamsini. Ukitazama mpaka wa Wote kwenda Nairobi peke yake, 280 imepita 250, na utakimbilia kupanga upya. Usikimbie. Rudi kwenye mzunguko wa Machakos: Kitui kwenda Nairobi imeongezeka 50 upande wa kujumlisha, Wote kwenda Nairobi imeongezeka 50 upande wa kutoa. Zinafutana. Jibu bado ni 20. Bili imepanda 5,500 kwa magunia 110, lakini mpango haujatikisika. Hali kadhalika, bei zote sita zikipanda asilimia 10, majibu yanakuwa 22 na 88, bado juu ya sifuri.

Kwa hivyo bei zaidi ya moja zikibadilika, weka mipaka kando na uhesabu mizunguko upya kwa bei mpya. Ni mistari miwili. Njia moja ikiharibika peke yake ndipo mipaka inakufaa zaidi: mvua imeharibu kipande cha barabara, kivuko kimefurika, au dereva mmoja amebadilisha bei zake.

Kufutana huku kuna faida nyingine. Vijana wa kupakia pale Wote wakiongeza shilingi 10 kwa gunia, kila gunia linalotoka Wote linalipa hiyo 10 bila kujali linaenda wapi. Kila mzunguko una Wote mara moja kwa kujumlisha na mara moja kwa kutoa, kwa hivyo 10 hizo zinafutana. Utalipa 1,000 zaidi kwa magunia 100, ila usiguse mpango. Ada ya kushusha mzigo Nyamakima ni vivyo hivyo. Gharama zinazoweza kukutoa kwenye mpango ni zile za njia yenyewe, zinazolipwa kati ya stoo moja na mji mmoja.

Bei zako umezitoa wapi?

Hesabu nzima inasimama juu ya bei ya gunia moja kwa kila njia, na hapa ndipo rekodi za malipo ya simu zinasaidia. Usichukue bei aliyotaja dereva. Fungua taarifa ya malipo yako ya mwezi, tafuta kila ulicholipa kwa safari ile: lori, ushuru wa kaunti njiani, maegesho, pesa ya taniboi, ile ya ziada uliyotuma usiku lori lilipokwama, na ada za kutuma zenyewe. Jumlisha, kisha gawa kwa idadi ya magunia. Ukilipa dereva kwa vipande vitatu, ada ni tatu, nazo ni gharama ya njia hiyo.

Je, uwe makini kiasi gani? Mipaka inakujibu. Wote kwenda Nairobi inabeba magunia 30 na inavumilia kupanda 20. Zidisha: shilingi 600. Ukisahau matumizi ya shilingi 600 kwenye safari hiyo, umesahau nafasi yote iliyokuwepo, na huenda mpango unaouona bora si bora. Wote kwenda Mombasa inabeba 70 na inavumilia 80, yaani 5,600. Ukisahau mia mbili huko, hakuna kitakachobadilika. Basi weka umakini pale mpaka ulipo karibu. Unapotuma pesa ya safari, andika jina la njia kwenye daftari siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya wiki mbili huwezi kukumbuka ile 350 ya Jumanne ilikuwa ya lori gani.

Pale hesabu hii inapokudanganya

Kuna hali mbili za kuangalia.

Ya kwanza ni lori la kukodi zima. Tumehesabu kana kwamba kila gunia lina bei yake. Hiyo ni sawa ukiwa unachangia lori na wenzako. Lakini kama unakodi kanta kwa 6,900 kutoka Wote hadi Nairobi, libebe 30 au 20, kutoa magunia 10 hakukuokolei hata shilingi. Ukitoa yote 30 unaokoa 6,900 kwa mkupuo, na lazima lori la Kitui liwe na nafasi ya magunia 110. Hapo linganisha bili nzima ya mpango mmoja na bili nzima ya mwingine, bila kutumia mipaka ya gunia moja.

Ya pili ni ngumu kidogo kuiona. Hesabu njia zinazotumika. Zinapaswa kuwa idadi ya stoo, jumlisha idadi ya miji, toa moja. Kwetu ni 2 na 3 toa 1, yaani 4, na tunazo nne. Lakini tuseme Kitui ingekuwa na magunia 150 na Wote 70. Kitui inahudumia Nairobi 110 na Machakos 40 bila kubaki, Wote inahudumia Mombasa 70 bila kubaki. Njia ni tatu tu. Ukilazimisha mzunguko wa Machakos, unataka kupunguza gunia la Wote kwenda Nairobi ambalo halipo. Bado karatasi itakuambia Kitui kwenda Nairobi isishuke zaidi ya 20, na huo ni mpaka wa uongo: hapo Wote haina gunia lolote la kutoa Nairobi, kwa hivyo bei ya Kitui kwenda Nairobi inaweza kushuka itakavyo na mpango ukabaki. Njia zikipungua idadi, mipaka inaweza kuonekana myembamba kuliko ilivyo. Kabla ya kuhama, hakikisha mzunguko unaoufuata una magunia halisi kwenye kila njia unayopunguza.

Zoezi

Rudi kwenye mfano wa mwanzo. Lori la Wote kwenda Mombasa limepanda kutoka 390 hadi 450. Je, ubadilishe mpango? Na bei ya Wote kwenda Nairobi sasa inaweza kushuka kiasi gani?

Jibu: 450 iko chini ya 470, kwa hivyo mpango unabaki. Bili inapanda 60 mara 70, shilingi 4,200, na kufika 66,000. Lakini mzunguko wa Mombasa sasa ni 500 toa 450 jumlisha 230 toa 260, yaani 20, haukubaki 80. Wote kwenda Nairobi, ambayo ingeweza kushuka hadi 150, sasa ikishuka chini ya 210 mpango unavunjika. Na Kitui kwenda Nairobi, iliyokuwa na nafasi ya kupanda hadi 340, sasa mwisho wake ni 280. Bei hizo mbili hazikubadilika hata senti. Mipaka yake ndiyo iliyosogea, kwa sababu ya lori la Mombasa.